Jinsi ya kutafsiri menyu na ratiba ya harusi kwa wageni wa lugha tofauti (hatua kwa hatua)

Watu wengi wakiombwa kutafsiri menyu ya harusi wanafungua ile kadi ya maharusi, wanaanza mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, wanatuma, basi. Shida ni kwamba ile kadi imeandikwa ipendeze, haikuandikwa imwambie mtu anakula nini. Sasa kwa mgeni ambaye hajui lugha ya shughuli ile karatasi ndiyo kila kitu, emsii hamwelewi, mhudumu hamwelewi, jirani yake mezani pengine naye hamwelewi, anaisoma kadi halafu anaamua ale au aache. Kwa hiyo mimi naanza na jikoni, kadi inafuata baadaye, na hapa naeleza hatua zote jinsi zinavyokwenda.

Ili tuelewane tutumie harusi moja ya mfano. Wageni 180, kadi ya asili iko kwa Kiswahili, wageni kama 40 wanasoma Kifaransa na kama 25 wanasoma Kiarabu. Chakula kinaletwa mezani, siyo bufee: supu, kisha mgeni anachagua kuku au samaki, kisha dezeti. Jioni yote ni kuanzia saa 12 mpaka saa 5 usiku.

Hatua ya 1: Uliza watu wanasoma nini

Usiulize wanatoka wapi, uliza wanasoma lugha gani. Kuna mtu anaongea Kiarabu nyumbani kwao tangu azaliwe lakini shule yote kasoma kwa Kifaransa, huyo ukimpa kadi ya Kiarabu ataishika tu kwa heshima. Na kuna wazee ambao hawasomi lugha yoyote vizuri, au macho hayaruhusu maandishi madogo ya kadi. Hao hawahitaji karatasi, wanahitaji mtu wa kukaa nao meza moja, kwa hiyo mwambie anayepanga meza mapema.

Kwa Kiarabu ongeza swali moja, wanatoka nchi zipi, kwa sababu majina ya miezi hayafanani. Misri wana majina yanayofanana na ya kizungu, Syria na Iraki wana majina mengine kabisa, na Algeria na Tunisia wana ya kwao. Tarakimu pia, Misri na nchi za Ghuba wanatumia sana zile tarakimu za Kiarabu zenye sura yake, Moroko na majirani zake wanaandika 1, 2, 3 kama sisi. Ukishajua hilo mapema hutapata kazi ya kurudiarudia.

Hatua ya 2: Kaa na mpishi kabla hujaandika neno

Hapa ndipo pa kutulia, usiharakishe. Chukua kadi ya maharusi, kila chakula kipe namba, halafu mwombe mpishi akutajie kila kinachoingia kwenye sufuria, mpaka kile anachoona hakina maana kukitaja. Siyo kwa simu huku anakaanga, tafuta muda akiwa ametulia, na ikiwezekana muone paketi na makopo yenyewe.

Kwenye mfano wetu kadi inasema hivi: "1. Supu ya maboga ya kukaribisha. 2. Kuku wa Mahaba. 3. Samaki wa Pwani ya Ndoto. 4. Utamu wa Milele." Majina mazuri kweli na maharusi wameyachagua kwa mapenzi, usiyadharau. Lakini angalia mpishi anavyojibu.

Supu ya maboga: maboga, vitunguu, krimu kidogo, na supu ya kuku. Simama hapo hapo. Ni supu ya maboga, ila maji yake ni ya kuku aliyechemshwa, kwa hiyo asiyekula nyama hawezi kuinywa, na kadi inamwambia anaweza. Vidonge vya kuongeza ladha navyo uliza, soma paketi, vingi vina seleri, ngano au soya ndani.

Kuku wa Mahaba: kidari cha kuku cha kuoka, mchuzi wa krimu na uyoga, siagi, unga wa ngano wa kuufanya mchuzi uwe mzito, divai nyeupe glasi mbili, na juu wananyunyizia lozi zilizokatwakatwa. Divai watu husema "inaisha motoni", haiishi yote, kiasi kinabaki kutegemea umepika muda gani, na hata ingeisha yote kuna wageni ambao hawataki kabisa chakula kilichopikiwa nayo. Uamuzi huo ni wa mgeni, siyo wa mpishi wala wako.

Samaki: minofu ya kuoka kwa limau na mafuta ya zeituni, na sosi pembeni yenye haradali na ufuta.

Utamu wa Milele: krimu ya matunda iliyogandishwa kwa jelatini, chini kuna biskuti. Jelatini inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, na paketi nyingine zinaandika "jelatini" tu bila kusema mnyama gani. Kwa hiyo mwulize mpishi aangalie, na asipopata jibu la uhakika andika tu kwamba ina jelatini ya mnyama asiyejulikana, au mshauri atumie agaa, ile ya mwani, ambayo inagandisha vizuri tu japo inagandisha ngumu zaidi na kipimo chake ni tofauti.

Ili usisahau kitu tumia orodha ya Umoja wa Ulaya ya vitu 14 vinavyosababisha mzio, ambavyo sheria yao inataka vitajwe kwenye chakula. Ni hivi: nafaka zenye gluteni kama ngano na shayiri, jamii ya kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, jamii ya lozi na korosho, seleri, haradali, ufuta, salfaiti, lupini ambayo ni jamii ya kunde, na jamii ya chaza na ngisi. Hata kama harusi haiko Ulaya orodha inakusaidia kuuliza. Kila chakula pitia vitu vyote 14 na mpishi, ndio au hapana. Salfaiti watu wengi wanairuka, ni dawa ya kuhifadhi chakula na hutiwa kwenye divai na matunda makavu.

Faida nyingine ya kufanya hivi mapema ni kwamba mpishi bado ana nafasi ya kubadilisha. Kwenye mfano wetu mpishi akiambiwa kuna wageni 25 ambao pengine hawagusi divai, anaweza kuitoa akaweka maji ya limau na supu ya kuku, na kwenye supu ya maboga akaacha ya kuku akatumia ya mboga. Maswali mawili tu, na watu wengi zaidi wanakula. Lakini maswali hayo yakimfika siku moja kabla ya shughuli atakwambia vitu vimeshanunuliwa, na ana haki.

Hatua ya 3: Andika upya Kiswahili chako kwanza

Usitafsiri bado. Andika Kiswahili cha wazi ambacho hata mtu asiyeiona sahani ataipata kichwani. Jina la mapenzi linabaki juu kama lilivyo, kwa Kiswahili, kwenye kadi zote, kwa sababu ni la maharusi na mhudumu atalitamka hivyo hivyo. Chini yake ndio maelezo. Mpangilio wangu hauna mambo mengi: chakula chenyewe, kimepikwaje, kina nini pembeni, halafu "Ina:".

Kuku anakuwa hivi baada ya mpishi kutoa divai:

*2. Kuku wa Mahaba. Kidari cha kuku kilichookwa, na mchuzi mzito wa krimu na uyoga, juu yake lozi. Ina: maziwa, ngano, lozi.*

Na supu, baada ya mpishi kuacha ya kuku akatumia ya mboga yenye seleri:

*1. Supu ya maboga ya kukaribisha. Supu laini ya maboga na krimu, imepikwa bila nyama, kuku wala samaki. Ina: maziwa, seleri.*

Ona nimesema "bila nyama, kuku wala samaki", sikuishia kwenye "bila nyama", kwa sababu kwa wengi wetu ukisema nyama kuku hahesabiki, samaki ndio kabisa. Na usiandike "chakula cha mboga" ukadhani umeeleweka, mboga kwetu ni chochote kinachosindikiza wali, nyama ikiwemo. Taja kilichomo na kisichomo.

Kitu cha hatari zaidi kwenye Kiswahili chetu ni "njugu". Mmoja anaelewa karanga, mwingine anaelewa kitu kingine, na mtafsiri wa Kifaransa atachagua anachokijua yeye. Karanga na lozi ni mizio miwili tofauti, mtu anaweza kula lozi bila shida na karanga ikampeleka hospitali, na kinyume chake. Kwa hiyo kwenye karatasi yako usiweke neno la jumla, andika karanga, lozi, korosho, kila moja kwa jina lake. Kifaransa nacho kina mtego huo huo, neno lao la jumla kwa vitu hivi, noix, wanalitumia pia kwa zile kokwa za jozi peke yake, na kwenye Kiarabu karanga inaitwa tofauti Misri na tofauti Syria, kwa hiyo usikubali neno moja la mkato, mwambie mtafsiri akupe jina ambalo wageni wako watalijua, na kama wametoka sehemu mbili aweke majina yote mawili.

Hatua ya 4: Tafsiri, halafu mtu mwingine akwambie anaona nini

Sasa ndio inatafsiriwa, na wewe au mtafsiri mfanye kazi kutoka kwenye karatasi ya hatua ya 3, siyo kutoka kwenye kadi ya maharusi. Majina ya sehemu za mlo yaangalie, kwa mfano lile neno la Kifaransa la chakula cha kufungulia, entrée, Wamarekani nao wanaliandika vilevile kwenye menyu zao ila wao wanamaanisha chakula kikuu, kwa hiyo kama una wageni waliozoea Kiingereza cha Marekani andika "kwanza, kisha, mwisho" kwa lugha yao, inatosha na hakuna wa kuchanganyikiwa.

Tafsiri ikishatoka mpe mtu wa pili anayeisoma lugha hiyo kama lugha yake na ambaye hajaona Kiswahili chako. Usimuulize "iko sawa?" maana atakwambia iko sawa, watu ni waungwana. Muulize maswali ya sahani: namba 2 ukiletewa utaona nini kwenye sahani? Kuna kitu humo ambacho mtoto mwenye mzio wa lozi hawezi kula? Namba 1 mtu asiyekula kuku anaweza kunywa? Akijibu tofauti na karatasi ya mpishi, hapo ndipo tafsiri ilipovuja, rekebisha huo mstari halafu uliza tena mtu mwingine, siyo yule yule kwa sababu sasa ameshajua jibu.

Namba za vyakula zisibadilike kwenye lugha yoyote. Namba 2 ni kuku kwenye Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu. Hii ndiyo inayomwokoa mhudumu, mgeni anaonyesha namba kwa kidole, mhudumu anaangalia kadi yake ya Kiswahili, wamemaliza.

Hatua ya 5: Ratiba

Ratiba ina mistari mifupi ndio maana watu wanaidharau, lakini hapa ndipo wageni wanapopotea kabisa. Tuanze na saa. Kadi inasema "saa 1 usiku chakula". Mtafsiri akiihamisha namba kama ilivyo, mgeni wa Kifaransa anasoma saa 7 usiku yetu, yaani shughuli imeshakwisha watu wamelala. Saa zote zigeuze wewe mwenyewe kabla ya kumpa mtafsiri, uziandike kwa saa 24, usimwachie. Saa 12 jioni ni 18:00, saa 1 usiku ni 19:00, saa 2 na nusu usiku ni 20:30, saa 5 usiku ni 23:00. Kwenye kadi ya Kiswahili acha saa ya Kiswahili, ila kwenye karatasi ya emsii na ya jikoni weka zote mbili ubavuni ili wote wawe wanaongelea saa moja.

Tarehe nayo andika mwezi kwa jina. 7/3 kwa mmoja ni Machi 7 kwa mwingine ni Julai 3. Na kama kuna shughuli ya usiku wa kabla ya harusi usiandike "usiku wa Ijumaa" peke yake, wengine kwao huo ni Alhamisi jioni. Andika siku, tarehe na saa, yote.

Halafu kila mstari wa ratiba jiulize mgeni anatakiwa afanye nini muda huo. "Kuingia kwa maharusi" ni kichwa cha habari tu, hakimwambii kitu. Mfano wetu unakuwa hivi:

*18:00 Wageni wanafika na kukaa kwenye meza yenye majina yao.*
*18:45 Maharusi wanaingia. Tafadhali simama mpaka wakae.*
*19:00 Chakula kinaletwa mezani. Huna haja ya kusimama, mhudumu atakuuliza namba 2 au 3.*
*20:30 Familia mbili zinatambulishwa, kisha hotuba fupi kwa Kiswahili. Maneno makuu yametafsiriwa nyuma ya kadi hii.*
*21:15 Keki inakatwa. Unaweza kusogea mbele kupiga picha.*
*21:30 Zawadi. Meza zinaitwa kwa namba. Kama tayari umeshaikabidhi, baki umekaa.*

Mstari wa zawadi unasaidia sana, kwa sababu mgeni akiona watu wote wanaondoka na bahasha asielewe kinachoendelea anaona aibu bure, na sentensi moja inammalizia hofu yote. Hotuba usijaribu kuitafsiri yote kwenye kadi, mwombe anayezungumza sentensi zake tatu nne za msingi kabla, hizo ndizo unaweka nyuma.

Vyeo vya familia navyo vinataka akili. Baba mdogo, mama mkubwa, shangazi, mjomba, lugha nyingine hazina tofauti hizo, na ukitafsiri neno kwa neno "baba mkubwa" mgeni anafikiria ni baba mwenye mwili mkubwa. Kwenye ratiba kinachotakiwa ni mtu huyu anasimama kwa niaba ya nani, kwa hiyo andika "kaka yake baba wa bibi harusi, kwa niaba ya familia ya bibi harusi". Ni refu lakini mgeni anajua ampongeze nani. Waarabu wao wana maneno tofauti kwa ndugu wa upande wa baba na wa mama, mtafsiri atakuuliza, kwa hiyo uwe na jibu tayari. Majina ya watu yaandike kama wenyewe wanavyoyaandika, na kwa maandishi ya Kiarabu muulize mwenye jina, usikisie herufi.

Hatua ya 6: Dizaini na kuprinti

Mwambie dizaina tangu mwanzo kwamba kuna Kiarabu. Kinasomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kadi ya kukunja inafunguka upande wa pili, jalada lake la mbele liko pale ambapo kadi ya Kiswahili ina ukurasa wa nyuma. Kifaransa nacho mara nyingi kinatoka kirefu kuliko maandishi ya asili, kwa hiyo acheni nafasi chini ya kila chakula badala ya kupunguza herufi mpaka zisomeke kwa tochi.

Kabla ya kuprinti fungua PDF yenyewe, siyo faili la dizaina, uangalie mambo mawili kwenye Kiarabu. La kwanza, herufi zimeungana? Kiarabu herufi zinashikana ndani ya neno, ukiona zimesimama moja moja zimeachana au zinakwenda kinyume, programu haijaielewa lugha na hakuna mgeni atakayesoma hiyo, hata wewe usiyejua Kiarabu unaweza kuliona hilo ukilinganisha na maandishi aliyokutumia mtafsiri. La pili, saa za "kuanzia mpaka". 18:00–19:00 zikiingia katikati ya maandishi ya Kiarabu zinaweza kugeuka zikasomeka 19:00–18:00. Dawa yake ni kuandika kwa maneno, kuanzia hii mpaka hii, au kuweka saa ya kuanza tu.

Printi moja, mpe yule msomaji wa hatua ya 4 aisome kwenye karatasi, ndipo zilizobaki ziprintiwe.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Jikoni huwa wanabadilisha kitu dakika za mwisho, uyoga haujaja, samaki wamekuwa wa aina nyingine. Kubaliana na mpishi kwamba mabadiliko yoyote yanakufikia wewe kwa wasapu na namba ya chakula, "namba 3, ufuta umetoka, karanga imeingia". Kitu kikitoka unaweza kuacha, kikiingia huwezi. Uwe na stika ndogo tupu na sentensi mbili ulizotafsiriwa mapema kwa kila lugha, "chakula hiki sasa kina..." na "chakula hiki hakipo, badala yake ni...", pamoja na majina ya vile vitu 14 kwa kila lugha, ili ubandike mwenyewe bila kumtafuta mtafsiri usiku.

Kadi za kila lugha weka kufuatana na majina ya meza, siyo rundo mlangoni, na kila meza yenye wageni wa lugha mbili iwe na lugha zote mbili. Seti moja kamili ya lugha zote iende kwa emsii, nyingine ibandikwe mlangoni kwa jikoni pale wahudumu wanapochukulia sahani, na karatasi ya mpishi yenye viungo vyote ibaki mkononi mwako mpaka dezeti itoke, maana kuna mgeni atakuja kuuliza kitu ambacho hakipo kwenye kadi yoyote.